Bandama Kubwa, Damu Haba: Nilivyojifunza Kutenganisha Kala-azar na Bandama ya Malaria

Nilipoanza kazi ya klinikal ofisa upande wa Ahero, Kisumu, nilipewa ushauri ambao hadi leo unaniudhi: "Hapa Nyando ukikuta bandama kubwa, hiyo ni malaria. Usijisumbue." Ushauri huo ulikaribia kumuua kijana wa miaka 19, mbeba magunia ya mchele.

Alikuja na homa ya miezi 3, inayopanda jioni na kushuka, suruali ameifunga kwa kamba kwa jinsi alivyokonda. Alikuwa ametibiwa malaria mara 4 na taifodi mara 2. Nilimpapasa kuanzia chini ya mbavu za kushoto, nikakuta ugumu kila nilipoweka vidole, nikaandika "tumbo gumu". Hapo ndipo nilipokosea kwanza. Bandama ikishakuwa kubwa hivyo, ukianzia mbavuni mkono unakuwa tayari umelala juu yake, na ukingo wake hutausikia. Anzia chini kulia, karibu na nyonga. Tuliza vidole, mwambie mgonjwa avute pumzi, kisha panda polepole kuelekea mbavu za kushoto. Bandama hushuka na pumzi na ncha yake hukugonga vidoleni. Pembeni utasikia pengo dogo ambalo figo haina. Nilipomrudia kwa njia hiyo nilitia alama ya kalamu kwenye ncha, nikapima kwa futi ya fundi cherehani kutoka ukingo wa mbavu: sentimita 15. Futi hiyo imenifaa kuliko mashine nyingi, kwa sababu bila namba ya siku ya kwanza hutajua baadaye kama dawa inafanya kazi.

Hesabu ya damu ilikuwa mbaya kote: himoglobini 6.1, chembe nyeupe 1,800, chembe sahani 58,000. Slaidi 3 za malaria hazikuonyesha kitu. Nikaamua ni bandama ya malaria ya muda mrefu, ile inayotokea mwili unapopigwa na malaria mara kwa mara hadi kinga inazalisha kingamwili aina ya IgM kupita kiasi. Bandama inafura kwa kuzisafisha, na ikishafura inazifungia ndani chembe za damu. Katika ugonjwa huo slaidi huwa safi mara nyingi, kwa hiyo niliona kila kitu kinalingana. Nikampa dozi ya AL, dawa ya kutibu malaria, kisha proguanili ya kuizuia isirudi, miligramu 200 kila siku, nikamwambia arudi baada ya mwezi.

Alirudi wiki ya 3, amekonda zaidi, pua inatoka damu.

Jibu lilikuwa mbele yangu tangu siku ya kwanza. Bandama ya malaria humlemea mtu kwa uzito na kumpunguzia damu, lakini kwa kawaida haimpi homa ya miezi wala haimkaushi namna ile. Homa iliyopita wiki 2, kukonda na bandama kubwa ni dalili za kala-azar, ugonjwa wa vimelea, mpaka ithibitishwe vingine. Na kuna swali ambalo sikuuliza. Nilikuwa nimeuliza anaishi wapi, akasema Ahero. Safari hii nikauliza: mwaka uliopita umelala wapi na wapi?

"Nilikuwa Marigat kwa mjomba, daktari. Miezi 5, tukichunga mbuzi."

Marigat iko Baringo, na Baringo, Pokot Magharibi na Turkana ni makao ya kala-azar. Nzi wa mchanga anayeieneza hujificha kwenye nyufa na matundu ya vichuguu, na vijana wanaochunga hukaa juu ya vichuguu hivyohivyo jioni wakiangalia mifugo. Dalili zinaweza kuchelewa miezi kadhaa, mtu akiwa amesharudi kwao ambako hakuna anayeufikiria ugonjwa huo.

Tukatafuta kipimo cha haraka cha rK39, tone moja la damu kwenye kijiti. Kikasoma hasi. Wenzangu wakasema basi, tumemaliza. Hatukuwa tumemaliza. Kipimo hiki hufanya vizuri zaidi India kuliko Afrika Mashariki. Huku kwetu huwakosa baadhi ya wagonjwa, hasa wenye HIV, ingawa huyu alipimwa HIV na hakuwa nayo. Mstari hafifu nao ni mstari: usome kwenye mwanga mzuri. Na kwa mtu aliyewahi kutibiwa kala-azar, kijiti hubaki chanya muda mrefu, kwa hiyo hakifai kuthibitisha kwamba ugonjwa umerudi.

Nilimwandikia rufaa kwenda kwa wanaotibu kala-azar Baringo. Kimalel na Chemolingot wanafahamika kwa kazi hiyo. Nauli ilikuwa elfu na kitu, tukachanga. Huko walimtoa majimaji ya bandama kwa sindano nyembamba inayoingia na kutoka kwa muda usiofika sekunde moja. Hiyo si kazi ya kujaribia. Chembe sahani zikiwa chini ya 40,000, himoglobini chini ya 5, damu ikichelewa kuganda, au mgonjwa akiwa mjamzito, haifanywi, na uboho wa mfupa unaweza kutumika badala yake hata kama hukosa wagonjwa zaidi. Baada ya sindano mgonjwa hulala chali, mapigo na presha vikipimwa kila nusu saa mwanzoni, kwa sababu bandama ikivuja damu hutaiona kwa nje.

Kwenye slaidi iliyotiwa rangi ya Gimza vimelea vilikuwa vimejaa. Anayeanza huchanganya chembe sahani na kimelea. Tafuta vitu viwili ndani ya kiduara kimoja: kiini cha duara na kando yake kijiti kidogo cheusi zaidi. Ukiona kimoja tu, usihesabu.

Alikuwa na kilo 46. Alipewa sodiamu stibogluconeti miligramu 20 kwa kilo, yaani 920, ambazo ni mililita 9.2, pamoja na paromomaisini miligramu 15 kwa kilo, yaani 690, kila siku kwa siku 17. Sindano hizo zinauma na dawa ya kwanza inaweza kuusumbua moyo na kongosho, hivyo kutapika na maumivu ya tumbo havipuuzwi. Homa ilikatika ndani ya wiki ya kwanza. Bandama haikuharakisha: mwisho wa matibabu ilikuwa sentimita 9, miezi 6 baadaye siisikii tena, na ni katika miezi hiyo 6 ambapo tulimwangalia kwa makini isije ikarudi.

Baada yake alikuja mama wa miaka 34 kutoka Nyakach, jirani na Nyando, bandama sentimita 18, imevuka kitovu. Himoglobini 7.9, chembe nyeupe 2,400, chembe sahani 74,000. Kwa karatasi ya maabara pekee usingemtofautisha na yule kijana. Lakini alikula vizuri, hakuwa na homa, hakuwahi kulala nje ya Nyakach, na chini ya mbavu za kushoto alikuwa na chale zilizopona zamani, alizochanjwa tumbo lilipoanza kumlemea miaka 4 nyuma. Kala-azar isiyotibiwa haimwachi mtu akafikisha miaka 4 akiwa amenawiri. rK39 ilikuwa hasi, IgM ikarudi juu sana.

Huyu ndiye proguanili ilimfaa, miligramu 200 kila siku baada ya dozi kamili ya AL. Mtu alikuwa amemshauri akatwe bandama. Nilikataa: asiye na bandama akibaki kwenye malaria ya Nyando, malaria na bakteria humvamia kwa ukali. Mwezi wa 3 futi ilisoma 14, mwezi wa 6 ikasoma 9, na hesabu ya damu ikapanda nyuma ya bandama, si mbele yake. Mwezi wa 10 alijiona amepona, akaacha vidonge. Aliporudi ilikuwa 13.

"Mama, ulikosa dawa?"

"Sikukosa, daktari. Tumbo lilikuwa limeisha."

Tukaanza upya, na sasa kila anapokuja namwonyesha futi kabla ya kumwandikia dawa.