Safi Mpaka Kisogo

Mwenye saluni alinipa karatasi iliyokunjwa mara nne, akaniambia maneno yote yamo humo, kazi yangu ni kupaka tu. Yalisomeka hivi: "Karibu upendeze kwa bei nafuu, huduma bora na za kisasa kwa rika zote." Enzi hizo nilikuwa naandika mabango Arusha na nilitoza kwa herufi. Hapo zilikuwa 56. Kwa mfuko wangu yalikuwa maneno matamu kweli.

Tatizo lilikuwa ubao. Saluni yake ilikuwa Ngarenaro, mlango unatazama barabara, na ubao wa juu ya mlango ulikuwa na urefu wa futi 12, yaani inchi 144. Ukijumlisha herufi zote na nafasi kati ya maneno, kila moja inabakiwa na upana wa inchi 2 na ushee. Sisi waandika mabango tuna kipimo cha zamani: herufi yenye kimo cha inchi 1 husomeka vizuri kwa mtu aliye umbali wa futi 10. Ng'ambo ya pili ya barabara ile ilikuwa kama futi 40, kwa hiyo kimo kisingepaswa kupungua inchi 4, na hapo nazungumzia mtu aliyesimama akatulia. Aliye ndani ya kifodi kinachokimbilia stendi hana muda huo. Atanasa maneno mawili matatu, amepita.

Nikamwambia, "Kaka, haya maneno atayasoma aliyekwisha kuingia ndani. Na akishaingia hana haja nayo."

"Basi punguza wewe."

Ningeweza kupunguza palepale. "Huduma bora" ilikuwa juu ya kila mlango wa mtaa ule, kuanzia duka la dawa hadi kwa fundi baiskeli, na "bei nafuu" inadumu mpaka jirani ashushe bei yake kwa shilingi 500. "Rika zote" ndiyo iliyonikera zaidi. Waliokuwa wanamlisha yule bwana walikuwa machalii wa bodaboda, wanafunzi na vijana wa sokoni Kilombero. Mzee mwenye upara hunyoa akikumbuka. Chalii hunyoa kila wiki mbili, wengine kila wiki, hata ule msimu wa baridi wa Juni na Julai ambapo nusu ya mji inajificha ndani ya mizula na vinyozi wanapiga miayo. Sasa ubao unamkaribisha kila mtu, na anayeweka chakula mezani hatajwi.

Nikamwomba nikae benchini mchana mmoja nitazame tu. Akacheka, lakini akanisogezea nafasi.

Mwenye saluni ndiye aliyekuwa kinyozi, na alikuwa fundi kweli, hilo niliseme. Chalii akitaka fedi, alianzia chini na mashine tupu, akapanda kwa kitana kinachoacha milimita 3, kisha cha milimita 6, na mstari unaobaki kati ya hatua moja na nyingine akaufuta taratibu kwa kona ya mashine, akifungua na kufunga kile kishikio cha pembeni, mpaka huoni nywele fupi zinaishia wapi na ndefu zinaanzia wapi. Kisha alichonga mbele. Hapo mkono wake ulibadilika, akawa anashusha pumzi kabla ya kila mstari. Machalii walijiangalia kiooni, wakagusa paji la uso, wakajipiga picha, wakalipa.

Lakini nje ya mlango kulikuwa na baraza la pili, na ndilo lililonishika. Kila aliyetoka alipokelewa na wenzake wa kijiweni, na hakuna hata mmoja aliyemtazama usoni kwanza. Walimzunguka nyuma. Mmoja akamwinamisha rafiki yake kichwa, akapitisha kidole shingoni, akasema, "Oya, mbele noma, ila nyuma kakuacha." Jamaa akaomba apigwe picha ya kisogo, akaitazama, akanyamaza, akavaa kofia.

Nilipoanza kufikiria nikaona wana haki. Kijana wa bodaboda anambeba abiria mgongoni kutwa nzima, na abiria huyo anatazama nini kama si shingo ya dereva? Darasani, kanisani, kwenye kifodi, anayekukagua kwa kituo ni aliyekaa nyuma yako. Mbele unajiona mwenyewe na unaweza kujirekebisha. Nyuma unaenda kwa imani.

Nikarudi ndani nimtazame kinyozi upya. Kisogo alikifanya mwisho, wakati mteja wa pili amekwisha kuvua kofia na mashine imepata moto. Alikipiga mstari mmoja wa moja kwa moja toka sikio hadi sikio, akapangusa kwa taulo, akavuta shuka. Mteja hakuonyeshwa. Saluni nzima ilikuwa na kioo kimoja, kile cha ukutani.

Jioni nilimwandikia kwa chaki sakafuni: SAFI MPAKA KISOGO.

Akayatazama muda mrefu. "Ndiyo hayo tu?"

Herufi 15, nafasi mbili. Kwenye ubao wake kila moja ingepata inchi 8 na kitu, kimo ningekifikisha 9, na mtu angeyasoma toka futi 90 bila kukaza macho. Nikampa na sababu nyingine ambayo nadhani haikumgusa, lakini mimi ilinifurahisha: ukiyahesabu kwa mizani, sa-fi-m-pa-ka-ki-so-go, unapata 8, sawasawa na kipande kimoja cha mshororo wa shairi letu la kawaida. Ndiyo maana hayakwami mdomoni. Mama wa mgahawa wa jirani, aliyekuwa anasikiliza, alipendekeza tuandike ile ya mwenzako akinyolewa zako tia maji. Kila mtaa una mtu wa kupendekeza methali hiyo kwa kinyozi. Nikamwambia, mama, ile ni ya kumtahadharisha mtu. Utamkalishaje mteja kitini kwa vitisho?

Kilichomsumbua mwenye saluni ni kingine. "Fundi, ukiandika hivyo wataanza kukagua."

"Si ndiyo unavyotaka?"

Hakuwa na hakika kama ndivyo anavyotaka, na sikumlaumu. "Huduma bora" haina mahali pa kuipimia, kwa hiyo hakuna atakayekurudia akidai hukutimiza. Kisogo kipo, kinashikika, na rafiki yako anacho kidole. Alilala na wazo lile. Asubuhi akanipigia simu, nikaenda na rangi nyeusi ya mafuta juu ya ubao wa njano. Yeye alitaka nyekundu juu ya bluu, rangi mbili ambazo toka mbali zinamezana.

Yaliyofuata ndani yalinishangaza kuliko ubao wangu. Kabla rangi haijakauka alikuwa amekwenda kununua kioo cha mkono, na kila aliyemaliza akawa anashikiwa nyuma ya kichwa: "Cheki." Akaanza kisogo mapema, mashine ikiwa baridi. Akaacha pia ule mstari mmoja wa sikio hadi sikio, na hili lilikuwa na hesabu yake. Nywele hukua kama sentimita 1 kwa mwezi, yaani ndani ya wiki moja zinakuwa zimesogea milimita 2 au zaidi. Ukikata shingo mraba, siku ya nne vinyweleo vya chini ya mstari vinaonekana wazi na kazi yote inaonekana kuukuu. Ukiififisha taratibu mpaka ikaishia kwenye ngozi, ikikua haina mstari wa kuisaliti.

Na kwa wale waliotaka mraba wao hivyo hivyo, alibuni jambo ambalo sikuwa nimelifikiria: ndani ya wiki ya kwanza, rudi usafishiwe kisogo bure. Ni kazi ya dakika 3 hivi. Nikamwuliza haoni kama anajipunja. Akaniambia chalii anayerudi katikati ya wiki haji peke yake, na akishakaa kile kiti mara mbili kwa wiki hawezi kukumbuka kinyozi mwingine. Alikuwa sahihi. Kijiwe kizima cha boda kilihamia kwake, na yale maneno yakatoka ubaoni yakaingia vinywani, ukipita na shati jipya au pikipiki iliyooshwa, unasikia, "Chalii wangu, safi mpaka kisogo!"

Lakini maneno yale yalileta na mashaka. Alikuja kijana mmoja mwenye vipele vigumu shingoni, vile vinavyoota pale nywele zetu za kujisokota zinaponyolewa chini sana, zikajikunja na kurudi kuchoma ngozi. Alitaka wembe. Alionyesha ubao kwa kidole: "Si mmeandika safi?" Kinyozi akamwambia safi haimaanishi kukwangua. Ngozi ya namna ile ukiipitishia wembe leo inang'aa, wiki ijayo vipele vimezaa, na kwa wengine vinageuka makovu yaliyovimba yasiyoondoka. Alimwachia nywele za kama milimita 1 kwa mashine, akamshauri akivimba zaidi aende kwa daktari wa ngozi. Kijana akaondoka amenuna na hakurudi. Mwenye saluni alinitazama kama vile ningemlipia mimi.

Suala la mapunye nalo halikukwepeka. Mtu akisoma safi anataka kuona usafi, na machalii wakaanza kuuliza mashine imefutwa na nini. Hapo awali alikuwa anainyunyizia spiriti ikiwa bado imejaa nywele, ambayo ni kazi bure, maana spiriti haipenyi kwenye nywele na mafuta. Akaanza kupiga brashi kwanza mpaka meno ya mashine yawe matupu, ndipo spiriti, kisha akaiacha ikauke yenyewe huku akitumia mashine ya pili. Wembe ulifunguliwa mpya mbele ya macho ya mteja. Aliyekuja na mabaka kichwani hakukalishwa.

Miezi kadhaa baadaye kinyozi mwingine, wa upande wa Sakina, alinifuata na picha ya ubao ule kwenye simu yake. Alitaka maneno yale yale, ila makubwa zaidi.

"Una kioo cha mkono?" nikamwuliza.

"Cha nini?"

Nikamwandikia KINYOZI. Herufi 7, nikachukua hela yangu.