Mikoba 12, na bei ya ile iliyobaki

Oda za mapema za mikoba zimejaa, na watu 9 wamebaki nje. Jioni nzima nimekuwa nikifikiria bei.

Gharama ya mkoba mmoja naiita 100. Ngozi, uzi na vifungo ni 40, kazi ya mikono 45, na 15 ni sehemu yake katika violezo na mkoba wa majaribio. Hiyo 15 imetokana na kugawanya kwa 12. Kwa mikoba 24 ingekuwa nusu yake. Kwa hiyo mkupuo mdogo ni ghali hata kama hakuna anayeugombania, na sehemu hiyo naitoza bila kusita. Bei ilikuwa 140, na kila mnunuzi alitanguliza nusu, yaani 70. Inatosha kulipia vifaa na violezo, kwa hiyo mtu akighairi sibaki na deni. Ngozi nilikata ya mikoba 13, kwa sababu kovu moja lililojificha huharibu kipande kizima.

Sasa hao 9. Ngozi hii ilitiwa rangi kwa pamoja, na kiwanda hakiwezi kuirudia sawasawa. Iliyobaki inatosha mikoba 5 tu. Huu ndio uhaba ninaouamini. Kama kilichopungua kingekuwa muda wangu peke yake, wangesubiri mwezi ujao wapate mkoba uleule, na kuwapandishia bei kungekuwa kutoza haraka yao.

Niliwaandikia wote 9 kwamba hii mitano ni 165, nusu kwanza. Jina kwenye orodha ya kusubiri halina uzito. Mtu huandika jina kwa sababu haligharimu kitu. Wamelipa 4. Wangelipa wote 9 ndani ya saa moja, ningejua bado niko chini. Angelipa mmoja, ningejua nimezidisha. Wanne kwa nafasi tano, naona niko karibu na pale panapostahili.

Kinachonikera kidogo ni kwamba violezo vimeshalipwa na wale 12 wa kwanza. Gharama ya hii mitano ni 85, chini kuliko ya mwanzo, na bei imepanda. Nyongeza yote ni ya rangi isiyorudi, na nimewaambia hivyo bila kuficha. Waliokataa nimewapa mkoba wa umbo lilelile kwa ngozi ya kawaida, 120, maana huko hakuna uhaba wowote wa kudai.

Wale 12 hawaongezewi hata senti. Na rangi hii sitaitafutia mfano wa kukaribiana nayo miezi ijayo, hata watu wakiomba, kwa kuwa waliolipa 165 wamelipia neno langu kwamba imekwisha. Kesho naanza kukata ule wa tano pamoja na minne iliyolipiwa. Huo wa tano usipopata mtu kwa bei hiyo, nitasubiri kabla ya kuushusha.