Ninavyotoa vipimo vya msingi na kuta kwenye ramani kabla ya kuweka bei

Hesabu ya nyumba ndogo huharibika mara nyingi zaidi kwenye vipimo kuliko kwenye bei. Bei ya simenti unaweza kuiuliza dukani leo. Urefu wa kuta na idadi ya matofali lazima uvitoe mwenyewe kwenye ramani, na kosa la hapo linaingia kwenye kila kitu kinachofuata: mota, mchanga, nondo, hata malipo ya fundi. Kwa hiyo natumia karatasi mbili. Ya kwanza ni mchanganuo wenyewe, yaani BOQ, unaoonyesha kazi kama itakavyosimama: mita za mraba za ukuta, mita za ujazo za zege. Ya pili ni orodha ya manunuzi, na humo ndimo naongeza matofali yatakayovunjika, kisha nageuza kila kitu kuwa mifuko, tripu na vipande vya nondo. Nikiyachanganya kwenye karatasi moja, nyongeza ya upotevu huwekwa mara mbili, au haiwekwi kabisa, na hakuna anayeweza kuona ilipo.

Nitatumia nyumba ya aina inayojengwa sana Tanzania: mita 8 kwa 6 kwa nje, sebule upande mmoja, vyumba viwili upande wa pili. Kuta ni za tofali la simenti la inchi 6, yaani sentimita 45 kwa 22.5 kwa 15, lililosimamishwa. Msingi ni wa tofali hilohilo, ila limelazwa.

Kabla ya kupima chochote najumlisha vipimo vya ndani ili nione kama vinafika kipimo cha nje. Hapa ni ukuta 0.15, vyumba 3.5, ukuta 0.15, sebule 4.05, ukuta 0.15, jumla ni 8.0. Ramani nyingi zilizochorwa haraka hazifungi hivi, na hapo namrudia mchoraji kabla ya kuendelea. Sipimi kwa rula juu ya karatasi, kwa sababu nakala iliyopunguzwa au kukuzwa kwenye mashine hailingani tena na skeli iliyoandikwa pembeni. Nasoma tarakimu zilizoandikwa tu.

Urefu naupima kwenye mstari wa katikati ya ukuta. Ukijumlisha pande za nje, 8 na 6 mara mbili, unapata mita 28, lakini kila kona umeihesabu mara mbili. Natoa unene wa ukuta mara nne, 0.6, nabaki na 27.4. Uzuri wa mstari huu ni kwamba kwa kuta za nje haubadiliki, uwe unapima mtaro mpana au ukuta mwembamba, mradi vyote vimepangwa katikati pamoja.

Kuta za ndani ndizo zinazobadilika, na hapa ndipo wengi huteleza. Ukuta unaotenga sebule na vyumba una mita 5.85 kutoka katikati hadi katikati, na ule unaogawa vyumba viwili una 3.65. Lakini unapokutana na ukuta mwingine, upana wa ule mwingine tayari umeshahesabiwa. Kwenye kuta zenye upana wa 0.15 natoa 0.15 kwa kila mmoja, nabaki na 5.7 na 3.5. Kwenye msingi uliolazwa, wenye upana wa 0.225, nabaki na 5.625 na 3.425. Kwenye mtaro wa upana wa 0.6, nabaki na 5.25 na 3.05. Kwa hiyo nyumba moja ina urefu wa aina tatu: mita 35.7 za mtaro, 36.45 za msingi na 36.6 za ukuta. Naziandika zote tatu juu kabisa ya karatasi, na kila kazi inachukua urefu wake.

Mtaro wa kina cha 0.75 unatoa mita za ujazo 16.07 za udongo. Zege la chini, unene wa 0.2, ni 35.7 × 0.6 × 0.2, sawa na mita za ujazo 4.28. Zege la moja kwa mbili kwa nne linahitaji karibu mifuko 6.3 ya kilo 50 kwa kila mita ya ujazo, pamoja na mchanga 0.44 na kokoto 0.88. Ukijumlisha mchanga, kokoto na simenti hiyo unapata zaidi ya mita moja, na ndivyo inavyopaswa kuwa, kwa sababu mchanga hujaza nafasi zilizo kati ya kokoto na simenti hujaza zilizo kati ya mchanga. Anayegawanya mita moja kwa saba bila kuongeza hilo huishiwa vifaa akiwa amemwaga karibu theluthi mbili tu ya mtaro. Kwa zege hili ni mifuko 27.

Sasa matofali. Watu wengi wana namba moja kichwani: kumi kwa mita ya mraba. Namba hiyo inafaa tofali lililosimama tu. Uso wa tofali lililolazwa ni 45 kwa 15, na ukiweka jointi ya milimita 15 kila tofali linafunika 0.465 × 0.165, yaani matofali 13 kwa mita ya mraba. Msingi wa kozi sita, yaani safu sita za matofali, una kimo cha 0.99 na eneo la mita za mraba 36.1, hivyo unakula matofali 470. Kwa hesabu ya kumi ungeagiza 361, na fundi angesimama akiwa ameanza kozi ya tano. Kwenye orodha ya manunuzi naongeza asilimia 5 ya kuvunjika na kuandika 500.

Msingi una jambo jingine ambalo ramani haionyeshi, nalo ni mteremko wa kiwanja. Ardhi ikishuka sentimita 40 kutoka mwanzo hadi mwisho wa zile mita 8, wastani wa nyongeza ni sentimita 20 kwa msingi wote, na hizo ni matofali 95 zaidi, mbali na kifusi cha kujazia ndani. Mpira wa maji na vigingi viwili vya kusoma kina cha kila kona vinatosha kujua hili. Sitoi bei ya msingi kabla ya kipimo hicho, kwa kuwa hakuna sehemu ya nyumba ndogo inayopanda gharama ghafla kama hii.

Kuta za juu nazihesabu kwa kozi: tisa hadi chini ya lenta, yaani mkanda wa zege unaopita juu ya milango na madirisha, na tatu juu yake. Kila kozi pamoja na jointi ni 0.24, jumla 2.88. Mara 36.6 ni mita za mraba 105.4. Natoa milango minne ya upana wa 0.9 na madirisha manne ya 1.5 kwa 1.2, kama mita 15, nabaki na 90.4. Kwa tofali lililosimama ni 8.96 kwa mita, yaani matofali 810 ndani ya ukuta na 851 ya kununua. Asiyetoa milango na madirisha, akazidisha eneo lote kwa kumi, ataagiza 1,054. Hayo mia mbili ya ziada ni fedha zilizolala kiwanjani.

Mota inategemea jointi kuliko kitu kingine. Kwa milimita 15, ukuta huu unahitaji mita za ujazo 1.26, naongeza moja ya tano kwa inayomwagika na inayoingia kwenye mapengo, inakuwa 1.5, na kwa mchanganyiko wa moja kwa sita ni mifuko 8. Fundi akijenga kwa jointi ya milimita 25 utaokoa matofali kama 50, lakini mota itapanda kwa zaidi ya nusu. Ndiyo maana unene wa jointi nauandika kwenye maelezo ya kazi, pamoja na uwiano wa mota. Bila hayo mawili, fundi wawili wanaotoa bei kwa ukuta mmoja wanazungumzia kazi mbili tofauti.

Lenta ya 0.15 kwa 0.2 inachukua zege la mita za ujazo 1.1, mifuko 7. Nondo za milimita 12, mistari minne, ni mita 146. Kwa maungio na kona naongeza asilimia 10, na kwa vipande vya mita 12 ni 14. Ringi za milimita 8 siziwekei asilimia. Kila ringi inataka sentimita 66 pamoja na ndoano, kipande cha mita 12 kinatoa ringi 18 kamili, na kwa nafasi ya sentimita 20 zinahitajika 187 hivi, kwa hiyo ni vipande 11. Nondo ikifika naipima uzito: milimita 12 halali ina kilo 0.888 kwa mita, karibu kilo 10.7 kwa kipande kizima. Ikiwa nyepesi sana, ni nyembamba kuliko ilivyoandikwa.

Mchanga wa kazi zote hizi ni mita za ujazo 5.4 ukiwa mkavu. Mchanga wenye unyevu huvimba, na nikiweka robo zaidi nafika 6.75. Siagizi kwa tani wala kwa neno "tripu" peke yake. Napima bodi ya gari urefu, upana na wastani wa kimo cha mzigo. Bodi ya 3.6 kwa 2.1 iliyojaa hadi 0.6 ina mita 4.5, hivyo tripu mbili zinatosha na zinabakiza wa jamvi, yaani zege la sakafu.

Bei naiweka mwisho, kwa mita moja ya mraba ya ukuta: matofali 9.4, simenti mfuko 0.09, mchanga mita ya ujazo 0.019, na ufundi wa matofali 9. Nikiipanga hivi, tofali likipanda shilingi 100 najua mara moja kuwa mita imepanda 940 na ukuta mzima karibu 85,000, bila kurudia hesabu. Fundi anayelipwa kwa tofali nakubaliana naye tangu mwanzo kwamba analipwa kwa yaliyomo ukutani, 470 na 810, wala si kwa yaliyoshushwa na gari.

Msingi ukifika kozi ya sita nahesabu matofali yaliyobaki na vipande. Kati ya 500, mazima na yaliyovunjika yanapaswa kukaribia 30. Yakiwa yameisha kabla, kwanza naangalia kozi: mara nyingi kona ya chini imepata ya saba. Kama kozi ni sita kila mahali, napima kuta upya kwa tepu, kwa sababu huenda msingi ulichorwa chini kwa vipimo vya ndani vikaachwa viwe vya nje, au kinyume chake, na hilo linarekebishika tu kabla jamvi halijamwagwa.