Ofa imeisha: nani bado nampa bei ile?

Mwaka juzi niliiharibu ofa yangu kwa huruma. Nauza masomo ya kushona kwa video, na punguzo lilikuwa linaisha Jumapili saa sita usiku. Jumatatu nikakuta meseji za waliochelewa, nikawatumia watu wote barua pepe: "Tumeongeza siku moja." Mauzo yakaja, nikafurahi. Ofa iliyofuata, siku ya mwisho ilipooza. Nilipomkumbusha mteja mmoja wa zamani, akajibu, "Si mtaongeza tu, dada?" Na waliowahi kulipa kwa haraka nao walikuwa wameninunia, kwa haki kabisa.

Sasa siku ya mwisho natuma ujumbe mara mbili: asubuhi, na saa tatu usiku zikibaki saa tatu. Kabla ya ule wa usiku nawaondoa walioshanunua. Niliwahi kusahau, na mama mmoja aliyekuwa ameshalipa akadhani malipo yake hayakufika, akalipa tena. Kumrudishia hela kulinichukua siku kadhaa.

Mfumo wa malipo nauweka ufunge saa sita na robo, bila kumwambia mtu. Ile robo saa ni ya aliyeanza kujaza fomu dakika za mwisho.

Jumatatu naanza na walionunua: asante na maelezo ya kuanza somo la kwanza, basi. Hao siwauzii kitu kingine siku hiyo.

Kisha nafungua oda ambazo hazijakamilika. Zilizoanza kabla ya saa sita naziandikia moja moja: "Nimeona oda yako ya saa tano na dakika 40 usiku ilikwama kwenye malipo. Kwa kuwa ulianza ndani ya muda, nimekushikilia bei ile hadi leo saa kumi na mbili jioni. Kiungo hiki ni chako peke yako." Kiungo kinatumika mara moja, kwa hiyo akishalipa, hata akikisambaza hakimsaidii mwingine. Ushahidi wangu ni saa iliyoandikwa kwenye oda, si maelezo ya mtu.

Waliobaki nawaambia ofa imefungwa, asanteni kwa kufuatilia, na kiungo kinawapeleka kwenye bei ya kawaida. Wapo wanaonunua hapo hapo, jambo ambalo sikulitegemea. Tarehe ya ofa ijayo siitaji. Nikiitaja, nani atanunua leo?

Wa "nilisahau tu" ndiye mgumu. Namkatalia bei, ila namruhusu alipe bei kamili kwa awamu mbili.

Muda nauongeza hadharani kwa sababu moja tu: ukurasa wa malipo ukizimika upande wangu. Hapo nataja ulizima kuanzia saa ngapi hadi saa ngapi, na naongeza saa hizo hizo.