Barua niliyomwandikia rafiki yangu

Jana usiku nilimaliza barua ya kumpendekeza rafiki yangu kwa mwajiri anayetafuta mtunza stoo wa vifaa vya hospitali. Nimeiandika mara tatu. Ya kwanza ilikuwa imejaa "mchapakazi, mwaminifu, mwenye nidhamu", na nilipoisoma upya nikaona kwamba ningeweza kubadilisha jina tu nikaituma kwa ajili ya mtu mwingine yeyote.

Kilichonisumbua zaidi ni aya inayofuata "Yah:". Tulifanya kazi stoo moja kwa miaka mitatu, nikiwa karani wa manunuzi naye akipokea mizigo. Lakini pia ndiye aliyesimama nami siku ya ndoa yangu. Niliandika yote mawili, nikaongeza kwamba sikuwahi kuwa bosi wake, na kwamba tangu nihame miaka minne iliyopita sijamwona akiwa kazini, hivyo kuhusu kipindi hicho aulizwe msimamizi wake wa sasa. Mwajiri akija kuusikia urafiki wetu pembeni, hata yale ya kweli niliyoyasema atayatilia shaka.

Kuhusu uwezo wake nilichagua tukio moja nililolishuhudia. Hesabu ya mwisho wa mwezi ilionyesha upungufu wa katoni 4 za glovu. Badala ya kurekebisha kadi ya stoo ili ilingane na rafu, alizipitia hati za kupokelea mzigo moja baada ya nyingine, hadi akaikuta iliyosainiwa katoni 20 ilhali 16 tu ndizo zilizoshushwa. Sahihi ilikuwa yake mwenyewe. Aliipeleka karatasi ile kwa meneja kabla hajaulizwa, na tangu siku hiyo hakusaini mzigo wowote kabla ya kuuhesabu, hata dereva apige honi namna gani.

Tangazo la kazi lilitaka pia mtu wa kuongoza wasaidizi wawili na kutunza rekodi kwenye kompyuta. Kuhusu kuongoza, niliandika kwamba sijawahi kumwona akifanya hivyo, basi. Kuhusu kompyuta, nilisema kwamba wakati ule alikuwa akijaza majedwali polepole, ingawa makosa yake yalikuwa machache kuliko yangu.

Nilimsomea kwa simu kabla ya kutuma, kwa kuwa kosa lile la glovu ni lake na nisingelitoa bila idhini yake. Alinyamaza kidogo. "Dada, hiyo ya glovu iache, mwenyewe ningewaambia. Ila ya harusi toa, wataona tunabebana." Nikamwambia ya harusi haitoki, akiona vibaya, atafute mdhamini mwingine, wala sitakasirika. Akacheka, akaniuliza kama angalau naweza kuifupisha.

Niliifupisha. Sasa inasomeka, "Ni rafiki yangu wa karibu." Nikaweka sahihi na namba yangu ya simu, nikaituma moja kwa moja kwa mwajiri.