Meza ya mkangazi ilipasuka, kosa likiwa maji

Meza niliyomtengenezea mteja ilipasuka katikati baada ya miezi miwili. Mkangazi ulikuwa wenyewe, bila fundo. Tatizo ni maji. Muuzaji aliniapia mbao zimekauka, nami nikagusa uso tu.

Siku hizi nakata kipande sentimita 30 kutoka ncha ya ubao, maana ncha hukauka mapema na hudanganya. Cha mwisho kilikuwa gramu 150. Nikakiweka kwenye oveni, nyuzi 103, nikakipima mpaka uzito ukaacha kushuka: gramu 120. Maji gramu 30 kwa mti mkavu 120 ni asilimia 25. Kwa fanicha ya ndani nataka 12 hivi.

Yadi ya mbao ninayoiamini ni ile inayoniruhusu kukata kabla sijalipa.