Pesa inaonekana, soko halijaiingiza: nilivyohesabu bloku mwenyewe

Kaka yangu aliye Johannesburg alinitumia bitkoini za kununulia vipuri, dola 200 na kidogo. Kwenye mempool.space, tovuti inayoonyesha miamala ya bitkoini, nilishaona neno la kijani `Confirmed`, lakini akaunti yangu kwenye soko la kripto ilisoma sifuri. Kijana mmoja wa Kamalondo akaniambia: "Yaya, hiyo imekwama. Lipa kidogo, kuna jamaa wa Telegram ataifungua." Ushauri huo unaniudhi mpaka leo, maana hakuna mtu awezaye kufungua kitu ambacho hakijafungwa.

`Confirmed` maana yake ni kwamba muamala umeingia kwenye bloku moja, yaani fungu moja la miamala kwenye daftari la mtandao. Huo ni uthibitisho wa kwanza tu. Soko langu linataka 3, na limeandika hivyo kwenye ukurasa wa kuweka pesa. Wana sababu: wachimbaji wawili, yaani wanaotengeneza bloku, wanaweza kupata bloku karibu kwa wakati mmoja, mnyororo wa bloku ukafuata moja na kuiacha nyingine. Muamala uliokuwa kwenye bloku iliyoachwa peke yake unarudi kungoja, na hesabu yake inarudi sifuri. Kila bloku inayoongezeka juu hufanya jambo hilo kuwa gumu zaidi.

Basi nikafungua muamala kwa TXID yake, yaani namba ya utambulisho wake, nikatazama namba ya bloku yake: iliishia 412. Kisha nikatazama bloku ya mwisho ya mtandao mzima: 413. Unatoa, halafu unaongeza moja, kwa kuwa bloku ya muamala wenyewe inahesabiwa:

```
413 - 412 + 1 = 2
```

Kwa hiyo nilikuwa nangoja 414 peke yake. Nilimwonyesha yule kijana namba hiyo kwenye simu, nikamwambia ikitokea pesa itaingia.

Ilichelewa. Watu husema bloku hutoka kila dakika 10, lakini huo ni wastani. Kwa siku hutoka kama 144, na karibu 7 kati yake huchukua zaidi ya nusu saa. Wengine wakaniambia kaka aongeze ada. Ada husaidia muamala ambao bado haujaingia kwenye bloku. Ukishaingia, haiharakishi bloku zinazofuata. Mimi nilikuwa napakia ukurasa upya tu, kwa sababu mtandao wetu ukiwa dhaifu simu inakuonyesha namba ya zamani.

414 ikatoka, na baada ya muda mfupi salio likabadilika. Kutoa pesa bado kulikataa, kwani baadhi ya masoko hudai uthibitisho zaidi kwa kutoa kuliko kwa kuingiza. Bloku kadhaa baadaye nikatoa.

Ikiwa hesabu yako imeshapita idadi wanayotaka na hakuna kitu, hapo tatizo si bloku tena. Angalia kama kiasi hakiko chini ya kima chao cha chini, na kama anwani ni ile waliyokupa kwa mtandao huohuo, kisha uwaandikie wahudumu wa soko lenyewe ukiwapa TXID.